Vipasuo na Vikwamizo Mbele ya Maikrofoni: Namna ya Kusafisha Simulizi Bila Kuharibu Maneno

Utangulizi

Katika darasa letu walikuwamo wenzetu wawili wasioona. Hadithi kadhaa tulizozisoma katika kozi ya fasihi hazikuwapo kwa maandishi ya Breili, basi baadhi yetu tukaafikiana kuwasomea kwa sauti, tukazirekodi na kuwapa wazisikilize kwa wakati wao. Rekodi ya kwanza ilikuwa na kasoro mbili. Kila p ilipiga sikio kama ngumi mlangoni, na kila s ilichoma kama mluzi wa birika lililochemka. Mwandishi wa makala haya alijitolea kuisafisha. Alichukua chombo kimoja cha kompyuta, akakipitisha juu ya rekodi nzima kwa nguvu zote, akaridhika kuwa mishindo na miluzi imekwisha.

Wiki iliyofuata mmoja wa wale wenzetu aliuliza kwa upole, "Ndugu, msimulizi wenu ana kithembe?" Swali hilo lilichekesha, lakini la mwenzake halikuchekesha. Katika hadithi ile mlikuwa na sentensi isemayo: "Baada ya mazishi, samani ya nyumba ile ilipungua siku baada ya siku." Maana yake ni kwamba jamaa wa marehemu walikuwa wakichukua viti na meza mmoja mmoja. Mwenzetu alikuwa amesikia "thamani ya nyumba ile ilipungua", na alikwisha andika insha nzima juu ya nyumba iliyoshuka bei. Hakuwa na ukurasa wa kuutazama ili ahakikishe. Sikio lake ndilo lililokuwa kitabu chake, nasi tulikuwa tumefuta herufi ndani ya kitabu hicho.

Makala haya yanaeleza namna ya kuondoa mishindo ya vipasuo na ukali wa vikwamizo katika simulizi iliyorekodiwa karibu na maikrofoni. Hoja yake kuu ni kwamba kazi hii ni ya mwanafonolojia kabla ya kuwa ya fundi. Anayejua kipasuo kinavyotamkwa na kikwamizo kinavyotofautiana na jirani yake, atajua mahali pa kukata na mahali pa kukomea.

Kwa nini tunasogea karibu

Msomaji huenda akauliza kwa nini msimulizi asikae mbali na maikrofoni, matatizo yote yakaisha. Jibu li katika mazingira yetu. Sisi tulirekodi katika chumba cha kupanga mtaani Free Area, Nakuru, ambako malori ya barabara kuu ya Nairobi hayalali. Nyumba nyingi za mji huu na za Njoro zimeezekwa kwa mabati, na mvua ya alasiri ikianza, hakuna kinachosikika ila mvua. Kuta tupu nazo hurudisha mwangwi. Msimulizi akikaa umbali wa mita moja, maikrofoni hupokea chumba na barabara kwa pamoja na sauti yake. Akisogea hadi sentimita 5 au 10, sauti yake huzidi mambo hayo yote kwa mbali.

Ukaribu huo una gharama mbili. Kwanza, maikrofoni nyingi za kusimulia zimeundwa zipokee zaidi sauti itokayo mbele yake. Maikrofoni za aina hiyo huikuza besi kadiri kinywa kinavyosogea, ndiyo sababu msimulizi wa kawaida akiikaribia husikika ana kifua kipana. Pili, pumzi yenyewe huifikia maikrofoni. Ukiwa mbali, pumzi hutawanyika kabla ya kufika, lakini ukiwa karibu, hugonga utando wa maikrofoni kama upepo unavyogonga pazia. Gharama hizi mbili hukutana katika fonimu moja kuliko nyingine zote, nayo ni p.

Mshindo wa p unavyotokea

Tunafundishwa kwamba p ni kipasuo sighuna cha midomo. Midomo hufungwa, hewa hukusanyika nyuma yake, kisha huachiliwa ghafla. Wakati wa kutamka t na k hewa huachiliwa ndani ya kinywa, na meno na midomo huitawanya kabla haijatoka. Lakini p huachiliwa mlangoni kabisa, na hewa yake hutoka moja kwa moja kama mshale. Kile kinachosikika kama mshindo katika rekodi si fonimu p. Ni upepo uliogonga utando wa maikrofoni, na nguvu zake nyingi zimo chini ya hezi 150, mahali ambapo p yenyewe haina kitu cha maana. Hili ndilo linaloifanya kazi yetu iwezekane, kwa kuwa mshindo na fonimu hukaa katika orofa mbili tofauti za sauti.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba upepo ule husafiri polepole kuliko sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali pumzi ya kinywa huenda mita chache tu kwa muda huohuo. Kwa hiyo mpasuko wa p hufika kwanza, na mshindo hufuata baada ya milisekunde kadhaa, mara nyingi ukiikuta irabu imekwisha anza. Anayetafuta mshindo mahali penye mpasuko atakata mahali pasipostahili na kuuacha mshindo wenyewe ndani ya irabu.

Hapa ndipo sifa za Kiswahili zinapotusaidia. B ya Kiswahili, ikiwa haikutanguliwa na nazali, kwa wasemaji wengi wa pwani hutamkwa kwa kuvuta hewa kidogo kuelekea ndani. Haina pumzi ya kurusha, na ndiyo maana baba na bibi ni maneno matulivu mbele ya maikrofoni, ilhali papa na pipi ni adui. P nayo si ya namna moja. Katika lahaja za pwani kama Kimvita, paa wa nyumba hutamkwa bila mpumuo, na paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Mpumuo huo ni mabaki ya nazali ya ngeli iliyomezwa zamani, na unajitokeza pia katika maneno kama pembe na pepo, wingi wa upepo. P yenye mpumuo hurusha hewa nyingi zaidi, lakini huchelewesha irabu, na kwa hiyo mshindo wake huangukia ndani ya mpumuo badala ya ndani ya irabu. Ni mkali zaidi, na wakati huohuo ni rahisi zaidi kuutenga.

Katika Bonde la Ufa la kati mambo huchanganyika. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi p na b kwa ughuna kama Kiswahili kifanyavyo, na Kigikuyu hakina p katika maneno yake ya asili. Msimulizi aliyekulia Nakuru anaweza kuwa na b yenye pumzi, au p aliyojifunza shuleni ambayo huitamka kwa kukaza kupita kiasi ili isidhaniwe kuwa fonimu nyingine. Mhariri asimhukumu msimulizi kwa kanuni za kitabuni. Amsikilize kwanza kwa dakika mbili au tatu, ajue ni sauti zipi hasa zinazorusha pumzi katika kinywa chake.

Kuondoa mshindo: mfano mmoja

Tuchukue sentensi moja tuliyoitunga kwa ajili ya majaribio, akaisoma mwenzetu mwenye sauti nzito:

"Pepo za asubuhi zilipopita pembezoni mwa Ziwa Nakuru, heroe walipaa, sisi tulisimama pale, tukasikiza sauti za mbawa zisizo na hesabu."

Sentensi hii ina p saba. Tulipoisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, mishindo mitatu ilisikika wazi: katika silabi ya kwanza ya pepo, katika walipaa, na katika pale. Ya pembezoni ilikuwa hafifu, na p za zilipopita hazikusumbua. Tazama mahali ilipo ile mitatu. Yote imo katika silabi zenye mkazo, yaani silabi ya pili kutoka mwisho, na mmoja wao umo pia mwanzoni mwa sentensi, baada ya msimulizi kuvuta pumzi. Mhariri anayelijua hili anaweza kupitisha jicho kwenye matini kabla ya kufungua kompyuta na kutia alama mahali anapotarajia mishindo.

Programu tuliyoitumia ni Audacity, ambayo hutolewa bure. Kabla ya kugusa chochote tulihifadhi nakala ya rekodi ya awali, tusiiguse tena. Kisha tuliitazama rekodi kwa njia mbili. Katika umbo la kawaida la wimbi, mshindo huonekana kama mlima mmoja au miwili mipana isiyofanana na meno ya msumeno ya irabu inayofuata. Katika umbo liitwalo `Spectrogram`, mshindo ni doa jeupe lililolala sakafuni kabisa mwa picha, huku mpasuko wa p ukiwa mstari mwembamba uliosimama kabla yake kidogo.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchuja rekodi nzima kwa wepesi kwa kichujio cha `High-Pass Filter`, ambacho huacha masafa ya juu yapite na kuyazuia ya chini. Tulikiweka kwenye hezi 70 tu. Sauti ya mwanamume huwa na msingi wa hezi 100 hadi 120 hivi, na ya mwenye sauti nzito hushuka zaidi. Ukichuja rekodi nzima kwa hezi 150 ili kuua mishindo michache, utakuwa umekikata kifua cha msimulizi kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, naye atasikika kama anayezungumza ndani ya kopo. Kazi ya hatua hii ni kuondoa mngurumo wa malori tu.

Hatua ya pili ndiyo ya mishindo yenyewe, na hufanywa mmoja mmoja. Twende kwenye walipaa. Kabla ya kila p mna kimya kifupi, ule muda ambao midomo imefungwa. Tulianza kuchagua ndani ya kimya hicho, tukapita mpasuko, tukaendelea hadi mahali ambapo mlima mpana wa wimbi ulikwisha na irabu ikabaki na meno yake ya kawaida. Uteuzi wote ulikuwa wa milisekunde 60 hivi. Kisha tulibonyeza herufi Z, ambayo husogeza ncha za uteuzi hadi mahali wimbi linapokata mstari wa sifuri, na tukatumia kichujio kilekile kwa nguvu zaidi:

```
High-Pass Filter
Frequency (Hz): 150
Roll-off (dB per octave): 24
```

Sababu ya kuanzia ndani ya kimya ni kwamba kichujio kinapoanza kazi katikati ya sauti, mara nyingi huacha kidoko kidogo mahali pa mshono. Kimya cha kipasuo ni mshono wa asili, usioonekana. Ncha ya mwisho ndiyo yenye hatari, kwa kuwa imo ndani ya irabu. Kukisikika kidoko hapo, tengua kazi hiyo, sogeza ncha mbele au nyuma kwa wimbi moja, urudie. Ikiwa mshindo umepungua lakini haujaisha, rudia kichujio mara ya pili juu ya uteuzi uleule badala ya kupandisha hezi. Tulipojaribu hezi 300 katika neno pale, mshindo ulikwisha, lakini irabu ilianza kwa sauti nyembamba kisha ikanenepa ghafla, kama mtu aliyebadilishwa katikati ya silabi.

Kosa ambalo ni rahisi kulifanya ni kupunguza sauti yote ya eneo lile, badala ya masafa ya chini peke yake. Ukifanya hivyo unapunguza na mpasuko wenyewe, na mpasuko ndio unaomjulisha msikilizaji kwamba hii ni p. Pata hukaribia kuwa bata, pana hukaribia kuwa bana. Katika p yenye mpumuo, ukiufuta mpumuo utakuwa umemgeuza paa wa porini kuwa paa la nyumba kwa sikio la msikilizaji wa Mombasa. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: baada ya kila marekebisho tulisikiliza neno peke yake, bila sentensi, tukajiuliza kama bado ni neno lile.

Kuna mshindo usiotibika. Pumzi ikiwa kali mno, wimbi hupita uwezo wa chombo cha kurekodia, na vilele vyake huonekana vimekatwa bapa. Hapo sauti iliyokuwamo haipo tena, na kichujio hakiwezi kurudisha kisichokuwapo. Njia iliyobaki ni kumrudisha msimulizi alisome upya neno lile, au kunakili neno hilohilo kutoka mahali pengine alipolisoma vizuri kwa kiimbo kinachokaribiana. Tulifanya hivi mara mbili katika hadithi nzima.

Ukali wa s na mipaka yake

Kasoro ya pili ni ya namna nyingine. Mshindo wa p haumo katika lugha, uliletwa na upepo. Lakini ukali wa s ni s yenyewe iliyozidi. Katika s hewa hupitishwa kwenye mfereji mwembamba baina ya ulimi na ufizi, kisha hugonga meno, na mlio wake hukaa juu sana, kuanzia kilohezi 4 au 5 na kupanda hadi 8 na zaidi. Sh hutamkwa nyuma kidogo, karibu na kaakaa gumu. Chumba cha mbele ya ulimi huwa kikubwa zaidi, na mlio wake hushuka hadi kilohezi 2.5 hadi 4.5 hivi. Ndiyo tofauti ya sindano na shindano, na ya saka na shaka. Simu ya kawaida ya zamani ilikuwa ikikata kila kitu kilichozidi hezi 3,400 hivi, na ndiyo maana mtu aliyetaja jina lenye s kwenye simu alilazimika kulirudia mara mbili tatu. S ilikuwa imebaki nje ya mlango.

Maikrofoni nyingi za kusimulia hupandisha makusudi masafa ya kilohezi 5 hadi 10 ili sauti isikike safi. Msimulizi akisogea karibu na kuielekea moja kwa moja, s yake hupewa zaidi ya haki yake. Tena Kiswahili hakina uchache wa s na z. Katika sentensi yetu mna s nane na z nane, kwa kuwa viambishi vya kukanusha na vya ngeli huzirudia bila kuchoka: zisizo peke yake lina tatu.

Sasa tuje kwenye lile kosa la samani. Th nayo ni kikwamizo sighuna, ila ulimi umo baina ya meno, hakuna mfereji mwembamba, na hewa hutoka ikiwa imetandaa. Kwa hiyo th ni mlio hafifu uliosambaa katika masafa mengi, bila kilele kikali. Kwa nguvu, s huipita th kwa desibeli 10 au zaidi. Maana ya tofauti hii kwa mhariri ni nzito. Ukipunguza s kwa desibeli 10 au 12 katika masafa yake ya juu, unaitoa katika eneo lake na kuiingiza katika eneo la th. Sikio halina njia ya kujua kwamba kompyuta ndiyo iliyofanya hivyo. Litasema tu kwamba huyu ana kithembe, au litasikia neno jingine. Ndivyo samani ilivyokuwa thamani. Z nayo hufuata njia hiyohiyo kuelekea dh.

Wasemaji wengi wa bara huitamka th ya thelathini kama s, na tunajua walimu wanavyohangaika kulirekebisha jambo hili. Kumbe mhariri asiye mwangalifu anaweza kufanya kinyume chake, akazigeuza s zote kuwa th, na kuiharibu jozi mlinganuo ambayo msimulizi aliilinda kwa juhudi.

Kupunguza mluzi

Kutokana na hayo tulijiwekea kanuni: hakuna s itakayopunguzwa kwa zaidi ya desibeli 6, na nyingi zitapunguzwa kwa 4. Kiasi hicho hutosha kuondoa maumivu ya sikio, na kingali kinaiacha s juu ya th kwa nafasi ya kutosha.

Tulisikiliza sentensi yetu tukatia alama kwenye s zilizochoma peke yake. Kati ya nane zilikuwa nne: mbili za sisi, ya sauti, na ile ya kati ya zisizo. Z hazikuguswa kabisa, kwa sababu ughuna wake huzipoza. Katika umbo la wimbi s ni rahisi kuitambua. Ni kama mkunjo wa sufu, wenye nywele nyingi fupi, usio na vilele vinavyojirudia vya irabu. Tuliuchagua mkunjo huo peke yake bila kuigusa irabu, tukafungua `Amplify`, tukaandika -4. Njia hii hushusha s nzima bila kubadili umbo lake, kwa hiyo hubaki s, ila ndogo zaidi. S za sisi zilihitaji desibeli 2 nyingine. Tulipojaribu kuzishusha kwa 10 ili tuone, sisi lilisikika kama limesemwa na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Wakati mwingine kinachochoma si s nzima bali mluzi mmoja mwembamba ndani yake, hasa kwa msimulizi mwenye mwanya. Katika `Spectrogram` mluzi huo huonekana kama mstari mweupe uliolala ndani ya wingu la s. Hapo kupunguza s yote ni kumwadhibu asiye na kosa. Chagua s ile, fungua `Filter Curve EQ`, ushushe masafa ya mstari ule peke yake kwa desibeli 6 hivi, uyaache mengine kama yalivyo.

Hadithi ya dakika 40 ina mamia ya s, na huenda msomaji akaona kazi hii ni ya mikono mno. Zipo programu ndogo za kupunguza vikwamizo zenyewe, ambazo husikiliza masafa ya juu na kuyabana kila yanapozidi kiwango ulichokiweka. Chombo cha aina hiyo ndicho kilichotuponza mwanzoni, lakini si kibaya kwa asili yake. Kosa lilikuwa kiwango. Ukikitumia, kiwekee mpaka wa kubana usiozidi desibeli 5, na masafa yaanzie juu ya kilohezi 5, ili kisiiguse sh. Kisha zile s chache zitakazobaki zikichoma uzimalize kwa mkono. Ukiona sh nazo zimelegea, kwamba shindano limeanza kusikika kama limesemwa nyuma ya kitambaa, basi masafa uliyoyaweka yamo chini mno.

Mpangilio wa hatua nao una maana. Mishindo iondolewe kwanza. Wengi wetu, tukimaliza, hupitisha chombo cha kusawazisha nguvu ya sauti ili maneno ya chini yapande na ya juu yashuke. Chombo hicho kikikutana na mshindo huushusha pamoja na silabi nzima inayoufuata, na neno lote huzama. Kinyume chake, kusawazisha huzipandisha s, kwa kuwa huinua vitu vidogo. Kwa hiyo s zipimwe na kurekebishwa baada ya kusawazisha, la sivyo utazitibu mara mbili.

Kuhakiki kwa masikio

Hatukuamini masikio yetu peke yetu, kwa sababu sisi tulikuwa tukiijua matini. Anayejua kwamba neno ni samani atasikia samani hata likiwa limeharibika. Tuliandika orodha ya maneno yenye jirani wa karibu katika hadithi ile, kama vile samani, shaka, sindano na pata. Tukayakata kutoka katika rekodi iliyosafishwa, tukampa mwenzetu ambaye hakuisoma hadithi, na kumwomba aandike alichokisikia. Neno lolote aliloliandika visivyo tulilirudisha kwenye nakala ya awali, tukaanza upya kwa mkono mwepesi zaidi. Zoezi hili lilichukua muda mfupi, na lingetuepusha na ile insha ya nyumba iliyoshuka bei.

Sikiliza pia kwa vyombo viwili. Kipaza sauti kidogo cha simu hakina besi, hivyo mshindo wa p haujitokezi humo kabisa, na mhariri hudhani kazi imekwisha. Rekodi hiyohiyo ikichezwa kwenye spika kubwa, kama zile za matatu za mjini, kila p itatikisa viti. S ni kinyume. Kwenye spika kubwa huonekana ya kawaida, na kwenye simu huchoma. Mishindo ihakikiwe kwa vipokea sauti vizuri au spika kubwa, na s kwa simu.

Kwa rekodi za baadaye tulibadili mambo mawili, na kazi ya kusafisha ikapungua kwa zaidi ya nusu. Tuliisogeza maikrofoni pembeni, karibu na kona ya mdomo, ikiwa imeelekezwa kinywani lakini haipo katika njia ya pumzi. P ikapita mbele yake bila kuigonga, na s nazo, ambazo husafiri zaidi mbele kuliko pembeni, zikapoa. Kisha tulinyoosha soksi nyembamba ya kike juu ya kitanzi cha waya, tukaiweka baina ya mdomo na maikrofoni, upana wa vidole vinne kutoka kwenye maikrofoni. Ikigusana nayo haifai kitu, kwa kuwa pumzi inahitaji nafasi ya kutawanyika baada ya kuipita.

Hitimisho

Tumeona kwamba mshindo wa p ni upepo ulio nje ya fonimu, na unaweza kuondolewa karibu wote iwapo utakatwa katika masafa yake, mahali pake, kuanzia ndani ya kimya cha kipasuo. Tumeona pia kwamba ukali wa s ni sehemu ya fonimu yenyewe, kwa hiyo hauondolewi bali hupunguzwa, na jirani yake th ndiye anayeuweka mpaka. Tuliirekodi upya hadithi ile yenye samani, tukaisafisha kwa utaratibu huu na kuwarudishia wenzetu. Yule aliyeuliza juu ya kithembe alisema tu kwamba msimulizi amepona. Mwenzake aliomba muda wa kuiandika upya insha yake, naye akapewa.